Posa Nyumbani, Karata Kitandani

Barua ya posa ilifika kwetu Muheza Jumamosi ya pili ya mwezi huu, mimi nikiwa huku chuoni nahangaika na sura ya tatu ya utafiti wangu. Mshenga alikuja na wazee wawili. Bahasha ilikuwa imefungwa kwenye leso nyeupe, ndani mna barua na noti tano za elfu kumi. Usiku mama akanipigia, akanisomea barua yote kwenye simu, mpaka tarehe na sahihi. Alipomaliza akasema, "Baba yako ameridhia. Wajomba zako wameridhia. Na kwao hakuna neno. Umebaki wewe tu, mwanangu."

Umebaki wewe tu. Ukilisikia haraka unaona umepewa uamuzi. Ukilala nalo unaona wewe ndiye abiria mmoja anayechelewesha basi zima.

Mwanaume mwenyewe namjua kwa mbali. Ana miaka 29, ananunua machungwa mashambani na kuyapakia malori ya Dar na Nairobi. Nimemwona mara mbili, zote arusini, na mara zote mbili alikuwa anabeba viti. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia baya lake. Na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, maana angekuwa mlevi au mpiga watu ningekataa nikalala usingizi. Kumkataa mtu asiye na kasoro unatakiwa uwe na sababu, na mimi sababu sikuwa nayo. Nilikuwa na uzito tu kifuani.

Mama aliniambia niswali istikhara, nikaswali siku nne. Sikuota kitu. Ustadhi wetu wa madrasa alishatufundisha zamani kwamba istikhara si kusubiri ndoto. Unaomba, kisha unaendelea na jambo lako ukimwachia Mungu akufungulie au akufungie njia. Ila mtu akiwa na wasiwasi darasa lote linamtoka.

Usiku wa tano mwenzangu wa chumbani, anayelala kitanda cha juu, akashuka na karata zake za taroti.

Niseme mapema: mama akisoma ukurasa huu atasema nimepiga ramli, na sina utetezi wa maana. Kule kwetu watu wa kupiga bao wapo, na nyumbani tumekatazwa tangu wadogo kukanyaga kwao. Nilimwambia mwenzangu hivyo hivyo. Akanijibu, "Mimi kesho siioni, shosti. Naangalia picha, halafu nakuangalia wewe unavyoziangalia." Nikajiambia ni mchezo. Nilijua najidanganya kidogo.

Karata zenyewe alitumiwa na dada yake anayeishi Uingereza. Ziko 78. Kati ya hizo 22 ni karata kubwa, kila moja na jina lake, na 56 zilizobaki zimegawanyika mafungu manne kama karata za kawaida. Picha zake zilichorwa na mwanamke mmoja, Pamela Colman Smith, zikatoka London mwaka 1909, na ndizo ambazo wengi wakisikia neno taroti huzifikiria. Asili yake lakini ni mchezo tu: watu wa kaskazini mwa Italia walizicheza tangu karne ya 15, na habari ya kuzitumia kuagulia ilishika kasi baadaye sana, karne ya 18, huko Ufaransa.

Kilichonivuta zaidi ni yale mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Nikayaangalia nikacheka. Wazee wanaocheza karata barazani kwetu wanayataja kila jioni bila kujua. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno yaliyotoka kwa Wareno, na kwa Kireno asili yake ni hivyo hivyo: vikombe, dhahabu ya sarafu, panga, fimbo. Basi usiku ule nikakataa majina ya Kizungu, tukaita kila karata kwa jina la barazani. Naomba na wewe msomaji unifuate hivyo.

Kabla ya kuchanganya karata mwenzangu aliniuliza swali langu ni nini. Nikasema, "Nikubali au nikatae?" Akatikisa kichwa. Akasema swali la ndiyo au hapana linaua usomaji, kwa sababu karata ni picha, na picha haina ndiyo wala hapana. Ukimlazimisha msomaji, atakupa jibu analolitaka yeye, au lile aliloliona usoni kwako. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, nimefundishwa tofauti ya swali funge na swali wazi mpaka nimechoka, na bado nilienda na swali funge kwenye jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu. Tukalibadili likawa: "Nini sijakiona kwenye posa hii?"

Jambo la pili alilosisitiza ni kupanga nafasi kabla ya kuchota. Kila nafasi inapewa kazi yake mapema, ikaandikwa, ili baadaye msianze kuhamisha maana kwa kutafuta raha. Tukaandika nyuma ya karatasi ya zamani ya jaribio: ya kwanza, posa yenyewe ilivyo, ya pili, anacholeta yeye, ya tatu, ninacholeta mimi, ya nne, familia mbili, ya tano, la kufanya kabla ya kujibu. Nikachanganya, nikakata kwa mkono wa kushoto kwa sababu yeye anapenda hivyo, na zikalazwa tano juu ya shuka.

Ya kwanza ilikuwa kumi ya uru. Kwenye picha kuna mzee mwenye mvi amekaa mbele, joho lake limejaa marembo, na mbwa wawili miguuni pake. Nyuma yake, chini ya tao, mume na mke wamesimama, na mtoto anamgusa mbwa mmoja. Kijitabu kinachokuja na karata kinasema mali, ukoo, nyumba imara. Mwenzangu hakukifungua. Aliniuliza tu, "Nani mkubwa hapo?" Nikasema mzee. "Na maarusi?" Wapo nyuma, nikasema, na sarafu zimetapakaa mbele yao mpaka huwaoni vizuri. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Ilikuwa picha ya barua ile kabisa. Barua inataja babu zangu wanne kwa majina. Mimi natajwa mara moja, "binti yenu".

Mtu angeweza kuisoma karata hiyo kwa ubaya: kwamba wazee wameniziba. Mwenzangu alikataa kuisoma hivyo peke yake, na naona alikuwa sahihi. Mzee yule haonekani mbaya. Ameijenga nyumba, na watoto wanacheza salama. Posa iliyoridhiwa na pande mbili maana yake ni kwamba nikikwama siku moja, kuna watu kumi wa kuitwa kikaoni. Rafiki yangu aliyeolewa bila wazee kujua hana hata wa kumpigia simu. Karata ileile ilinionyesha kivuli na jua.

Ya pili, anacholeta yeye: mpanda farasi wa uru. Mafungu yote manne yana mpanda farasi, na kila mmoja farasi wake anafanya kitu. Wa shupaza anakimbia kama amechelewa treni. Wa kopa anatembea taratibu na kikombe mkononi. Huyu wa uru ndiye ambaye farasi wake amesimama, miguu yote chini. Ni farasi mweusi, nyuma yake kuna shamba lililolimwa, na yeye anaitazama sarafu iliyo mkononi.

Nilifurahi nikasema, "Si ndiye huyu, mtu wa mashamba!" Mwenzangu akanizuia. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapoteleza, alisema: wanakuta kitu kimoja kinachofanana na maisha, shamba na shamba, wanaruka kwa furaha, na kile kisichofanana hawakiangalii tena. Angalia farasi, akasema. Amesimama. Kusimama kwaweza kuwa mtu wa kutegemewa, ambaye ukimwacha asubuhi utamkuta jioni. Kwaweza pia kuwa mtu asiyesogea, hata ukimwita. "Karata haijui ni kipi," akasema. "Na mimi sijui. Wewe unajua?"

Sikujua. Nilijua anabeba viti.

Ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Mbili ya shupaza. Mwanamke amekaa kwenye benchi la jawe, nyuma yake bahari na miamba, juu mwezi mwembamba. Amefungwa kitambaa machoni, mikono ameipishanisha kifuani, na kila mkono umeshika upanga mrefu umeelekea juu. Na hiyo ilikuwa nafasi yangu, ninacholeta mimi.

Nikasema haraka, "Unaona? Nimefungwa." Ndivyo nilivyokuwa nalalamika chumbani wiki nzima, kwamba nimefungwa, nalazimishwa, sina sauti. Mwenzangu akachukua zile karata zilizobaki, akapekua mpaka akapata nane ya shupaza, akaiweka kando ili nilinganishe tu, haikuwa ya usomaji wetu. Kwenye hiyo nane mwanamke amefungwa kamba mikono na kiwiliwili, na panga zimechomekwa ardhini kumzunguka. "Huyu ndiye aliyefungwa," akasema. "Sasa mwangalie wa kwako."

Nikamwangalia wangu. Hana kamba. Mikono yake iko huru, ila imeshika panga. Akitaka kuvua kitambaa inabidi aweke upanga mmoja chini, na hataki, kwa sababu akiuweka atakuwa ameegemea upande. Amechoka, lakini hajaonewa na mtu. Amekaa pale kwa kupenda kwake, na bahari nyuma yake inaendelea.

Nikaiomba irudiwe. Sioni aibu kusema. Nilimwambia karata hazikuchanganywa vizuri, tuanze upya. Alicheka kidogo akasema hapana: ukirudia swali lilelile usiku uleule unatafuta karata ya kukubembeleza, na kati ya 78 utaipata tu. Kama ni kurudia, subiri jambo lenyewe libadilike kwanza.

Hapo mwanafunzi wa saikolojia ya elimu akaamka ndani yangu, pengine kwa hasira. Nikamkumbusha habari ya Bertram Forer, tuliyosoma mwaka wa kwanza. Mwaka 1948 mwalimu huyo Mmarekani aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, akimwambia kila mmoja kwamba ni yake peke yake, kisha akawaomba wayape alama kwa usahihi. Wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale. "Na hizi picha zako ni hivyo," nikasema. "Nani hajawahi kukwama kwenye uamuzi? Ungenipa yoyote ningejiona." Nilidhani nimemshinda. Akasema, "Sawa kabisa. Ungejiona. Ila ulichokiona ni nini, na mbona umekasirika?"

Tuliendelea. Ya nne, familia mbili, ilikuwa karata kubwa namba 5, kuhani mkuu aliyekaa kati ya nguzo mbili, mkono umeinuliwa kubariki, na funguo mbili zimepishana miguuni pake. Hii niipitie haraka kwa sababu inasema ambalo kila mtu analijua: mila imefuatwa, baraka zipo, hakuna mlango uliorukwa. Kitu kimoja tu nilikibaki nacho. Mbele ya kuhani wamepiga magoti watu wawili, na wote wametupa mgongo. Nyuso zao hatuzioni. Niliwafikiria wawili hao kuwa ni mimi na yeye, kila mmoja anamwangalia anayebariki, hakuna aliyemgeukia mwenzake. Sijawahi kuongea na huyu mtu hata dakika moja. Inawezekana naye usiku ule alikuwa Muheza anaambiwa, "Umebaki wewe tu."

Ya tano, la kufanya kabla ya kujibu: malkia wa shupaza. Ameketi kwenye kiti cha enzi, anaonekana upande mmoja wa uso. Mkono wa kulia umesimamisha upanga wima, wa kushoto umenyooshwa mbele kama anayemwambia mtu, njoo useme. Mwenzangu aliniwekea karata hiyo kando ya ile mbili ya shupaza. Fungu lilelile, panga zilezile. Huyu macho yako wazi, amebaki na upanga mmoja, na mkono uliobaki mtupu ndio anaonyooshea watu. "Ametoka wapi na ule upanga wa pili?" aliniuliza. Nikasema ameuweka chini. Hakuongeza neno, akapanda kitandani kwake akalala. Mimi nikabaki na shuka limejaa picha.

Ningeweza kuishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya bweni. Lakini kesho yake asubuhi mama alipiga. Aliongea habari za mvua, za mdogo wangu na mtihani wa kidato cha pili, kisha akasema kwa furaha kabisa, "Baba yako anasema tuandike jibu mwisho wa mwezi. Umenyamaza, na kimya cha mwari ni ridhaa."

Nilikaa chini kwenye ngazi za bweni. Hilo nalo nilifundishwa madrasa, kwamba msichana akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Nililijua siku zote. Sikuwahi kulifikiria kuwa linanihusu. Siku zote zile nilijiona nimekaa katikati, panga zangu mbili sawasawa, sijasema ndiyo na sijasema hapana, na kumbe nyumbani kwetu mtu hawezi kukaa katikati. Benchi lile la jawe lilikuwa linatembea, linanipeleka arusini, na mimi nimefumba macho nasema sijaamua.

Hili taroti haikuniambia. Hakuna karata iliyoandikwa kwamba kimya changu kinasomwa kuwa ndiyo. Mchoraji wa London angelijua wapi? Ila kama nisingemwona yule mwanamke usiku, sidhani kama asubuhi ningelisikia neno la mama. Ningesema "sawa mama", ningekata simu, ningerudi kwenye sura ya tatu.

Nikamwambia, "Mama, kimya changu si jibu. Nina maswali. Naomba nimuulize mwenyewe." Ilichukua muda. Aliona ni kama namtilia shaka baba. Nikamwambia sikatai, mimi mwenyewe sijui kama nakataa, ila siwezi kutaja mahari kwa mtu ambaye sauti yake siijui. Mwishowe akasema atazungumza na shangazi, na shangazi ndiye aliyepanga: Jumapili baada ya alasiri, simu ya shangazi, yeye amekaa pembeni anasikia, dakika zisizidi ishirini.

Niliandika maswali matano kwenye karatasi ileile ya nafasi za karata. Nilimwamkia, akaitikia kwa adabu. Sauti yake nyembamba kuliko nilivyotegemea. La kumaliza chuo alijibu kabla sijamaliza kuuliza: nimalize, hata mama yake amesema hivyo. La mahali pa kuishi akasema Muheza, ana kiwanja na msingi tayari. Majibu mazuri, yamesimama imara, miguu yote chini. Ndipo nikauliza lile lililotoka kwa farasi.

"Mimi nasomea ualimu," nikasema. "Ajira ikitoka, sichagui. Naweza kupangiwa Tunduru, naweza kupangiwa Kasulu. Ikiwa hivyo, utafanyaje?"

Kimya. Nilisikia jogoo upande wake. Nilisikia shangazi anakohoa. Nusu yangu ilitaka aseme nitakufuata popote, kama kwenye filamu, na nusu nyingine isingemwamini angesema hivyo. Akasema, "Dada, nisikudanganye. Hilo sijawahi kuliwaza. Kazi yangu iko hapa, wateja wako hapa. Nipe mpaka Ijumaa nifikirie, nizungumze na mzee."

Shangazi akachukua simu yake, akaniambia nimemtoa jasho mtoto wa watu. Hakuwa amekasirika. Mama yeye amekasirika kidogo, ila barua ya jibu haijaandikwa. Leso nyeupe iko kabatini kwake pamoja na zile noti tano, hazijaguswa. Mwenzangu aliniuliza jana kama nataka tuchote karata moja tu kuhusu Ijumaa. Nikamwambia azirudishe kwenye boksi.

Naandika haya Jumatano usiku.